Barua ya kuomba mkopo wa daladala Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye Haisi moja au mbili anayetaka kuandikia benki, SACCOS au taasisi ya mikopo midogo barua inayoeleza fedha zitarudi vipi. Mfano ni mmoja tangu juu hadi chini: mwenye gari moja anataka kununua la pili la shilingi 20,000,000, litakalokimbia ruti ya Buhongwa na mjini kati. Tarakimu ni za mfano. Zako zitoke kwenye daftari lako, kwenye vibao vya vituo vya mafuta na kwenye nauli ya LATRA inayotumika ruti yako.

## Kabla ya kushika kalamu

Mkopeshaji anatafuta nini hasa kwenye barua yangu?

Anatafuta jibu la swali moja: baada ya gari kujilipia matengenezo, bima na kodi, kinabaki kiasi gani kila mwezi, na rejesho linakula sehemu gani ya kiasi hicho. Sifa za ruti, wingi wa abiria pale Nyegezi asubuhi na uzoefu wako barabarani vina nafasi yake, ila ni nafasi ya sentensi mbili tatu.

Afisa mikopo huchukua kiasi kinachobaki akakigawa kwa rejesho. Akipata 1, maana yake kila shilingi inayobaki inaenda kwake, na siku gari likitoboa rejeta hutalipa. Akipata 1.3 na kuendelea, ana sababu ya kusoma ukurasa wa pili. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwanza, halafu iandike, maana ataifanya hata usipoiandika.

Kwa nini barua nyingi za wenye daladala hurudishwa?

Kosa kubwa ni kuandika nauli yote kana kwamba ni mapato ya mwenye gari. Mtu anaandika "gari linaingiza 140,000 kwa siku, sawa na 4,200,000 kwa mwezi", kisha anaomba rejesho la milioni moja akiona amejibana. Lakini kwenye ile 140,000 kuna mafuta, kuna ushuru wa stendi, kuna riziki ya dereva na konda. Kinachokufikia jioni ni hesabu, basi.

Kosa la pili ni kuhesabu siku 30. Hakuna Haisi inayofanya kazi siku 30. Kuna siku ya servisi, kuna siku ya trafiki kulishikilia gari, kuna msiba wa dereva asipopatikana deiwaka wa kuaminika. Ukiandika siku 30, anayesoma anajua papo hapo kwamba hujawahi kuweka daftari, na kuanzia hapo hata tarakimu zako za kweli hatoziamini.

Nahitaji kumbukumbu za muda gani?

Miezi sita ndiyo ya kukupa nguvu, mitatu ndiyo ya chini kabisa. Kila siku iwe na mstari wake: tarehe, hesabu iliyopokelewa, na kama gari halikutoka, sababu yake. Siku tupu iandike. Siku tupu zenye sababu ndizo zinazofanya daftari liaminike.

Hesabu ya mkononi haina ushahidi. Mwambie dereva aitume kwa simu kila jioni kwenye namba ileile moja, au wewe uiingize kwenye akaunti siku hiyohiyo kabla hujaigusa. Taarifa ya miamala ya miezi sita, ikipatana na daftari, ina uzito kuliko maelezo ya kurasa tatu.

Kwa ruti za ziwani, kwa nini tunaambiwa turekodi mwezi mzima na si wiki mbili?

Kwa sababu ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Gari la Igombe au la Kayenze, na hata linalotegemea wachuuzi wa Mwaloni Kirumba, huona vichwa na mizigo vikipungua siku hizo. Ukirekodi wiki mbili za giza tu, utaahidi rejesho ambalo wiki za mbalamwezi hazitalibeba. Ruti ya Buhongwa haiguswi sana na jambo hili. Yenyewe huyumba zaidi shule zinapofungwa.

## Hesabu yenyewe

Nitajuaje kama hesabu ninayoiandika inawezekana kweli?

Ipime upande wa dereva. Kwenye mfano wetu gari linapiga raundi 7 kwa siku, yaani safari 14, saba za kwenda na saba za kurudi. Kila safari, ukijumlisha wanaoshuka na kupanda njiani, inabeba wastani wa vichwa 20. Nauli ya wastani tumeiweka 500, kwa kuwa wanafunzi hulipa kidogo na mkia wa siku huwa mwepesi. Hiyo ni 140,000.

Safari moja ni kama kilomita 12, kwa hiyo siku nzima ni 168. Haisi ya dizeli kwenye foleni na vituo vingi tunaipa kilomita 9 kwa lita, basi ni lita 19. Kwa 2,900 kwa lita mafuta ni 55,100. Ushuru, wapiga debe na kuosha gari tuweke 6,000. Zinabaki 78,900. Dereva akitoa hesabu ya 55,000, yeye na konda wanagawana 23,900.

Hapo hesabu inakalika. Ungeandika 70,000 wangegawana 8,900, na dereva wa namna hiyo ama anaacha kazi, ama anakimbiza gari hadi linakufa, ama anaanza kukudanganya. Mkopeshaji anayeijua biashara hii atapiga hesabu hii kichwani. Iweke kama kiambatisho kifupi ili asilazimike kukisia.

Kwa mwezi kinabaki kiasi gani?

Tumechukua siku 24 za kazi. Jedwali hili ndilo moyo wa barua:

| Kipengele | Kwa mwezi (Sh) |
|---|---|
| Hesabu: 55,000 × siku 24 | 1,320,000 |
| Servisi (oili, filta, grisi) | 130,000 |
| Akiba ya tairi | 100,000 |
| Matengenezo (breki, bushi, shokapu, springi) | 180,000 |
| Akiba ya bima kubwa | 100,000 |
| Leseni, ukaguzi, kodi | 40,000 |
| Jumla ya gharama | 550,000 |
| Kinachobaki kabla ya rejesho | 770,000 |

Servisi ni moja kwa mwezi kwa sababu kilomita 168 kwa siku 24 ni 4,032, na oili tunaimwaga kabla ya 5,000. Tairi nne za 200,000 zinazodumu miezi minane ni 800,000 kugawa kwa 8. Bima ni 1,200,000 kwa mwaka kugawa kwa 12. Kila mstari wa jedwali uwe na chanzo cha namna hii, maana utaulizwa.

Mafuta hayamo kwenye jedwali. Si kwamba yamesahaulika: dereva ndiye anayeyalipa kabla ya kuleta hesabu. Liandike hilo waziwazi chini ya jedwali, kwa kuwa ni jambo la kwanza mtu wa benki asiye na daladala atakalouliza.

Kwa nini niweke akiba ya tairi kila mwezi wakati nanunua mara moja kwa miezi minane?

Kwa sababu rejesho linakuja kila mwezi na tairi zinakuja kwa mkupuo. Mwenye gari asiyetenga huona miezi saba ya raha, kila mwezi akijiona ana 870,000. Mwezi wa nane anatakiwa kutoa 800,000 kwa duka la tairi na rejesho palepale. Huo ndio mwezi anaochelewesha. Bima ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi: ikikatika, gari halitoki na hesabu nayo inakatika.

## Riba, muda na rejesho

Riba ya asilimia 18 kwa mwaka ni shilingi ngapi kwa mwezi?

Inategemea inakokotolewa vipi, na hapa ndipo watu huumia. Tuseme mkopo ni 12,000,000 kwa miezi 24.

Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, hata baada ya kulipa nusu yake, ni asilimia 36 ya milioni 12, yaani 4,320,000. Rejesho ni 680,000 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua, rejesho ni takriban 600,000, na riba yote haifiki milioni mbili na nusu. Asilimia iliyotajwa ni ileile, ila tofauti inakaribia milioni mbili.

Kwa salio linalopungua kanuni ni hii, P ikiwa mkopo, r riba ya mwezi na n idadi ya miezi:

```
R = P * r / (1 - (1 + r)^-n)
```

Kwenye Eksel ya simu au kompyuta, kwa mkopo huohuo ukiwa wa miezi 30, andika:

```
=PMT(0.015, 30, -12000000)
```

Jibu litakuwa kama 499,670. Kwenye barua taja aina ya riba uliyotumia. Usipoitaja, afisa atatumia ya taasisi yake na jedwali lako litavunjika mbele yako.

Nichague miezi 24 au 30?

Kwa miezi 24 rejesho ni 600,000 na kinachobaki ni 770,000, uwiano wa 1.28. Kwa miezi 30 rejesho ni 500,000, uwiano wa 1.54. Muda mrefu unaongeza riba ya takriban 600,000 kwa jumla. Ni fedha, hatukatai. Lakini angalia idadi ya siku: kwa miezi 24 gari lazima lifanye kazi siku 21 ili lilipe gharama zote na rejesho, kwa miezi 30 ni siku 20, na kila siku ya ziada inakuachia akiba haraka zaidi.

Kwa gari lililokwishatumika, maoni yetu ni miezi 30, kwa sharti la kuruhusiwa kulipa mapema bila faini. Uliza sharti hilo kabla ya kusaini. Isizidi hapo sana, kwa kuwa injini inayohitaji kufunguliwa upya huku deni likiwa bado nusu ni shimo la kutokutoka.

Mwezi mbaya nauandikaje bila kujiharibia?

Uandike kamili, na useme utalipwa na nini. Gari likikaa gereji siku sita, siku za kazi ni 18 na hesabu ni 990,000. Toa gharama 550,000, inabaki 440,000. Rejesho la 500,000 linapungukiwa 60,000, na bado hujalipa bili ya fundi inayozidi ile 180,000.

Pengo hilo linazibwa na akiba ya marejesho mawili, yaani 1,000,000, inayokaa kwenye akaunti tangu siku ya kwanza. Mwombaji anayeonyesha mwezi mbaya pamoja na dawa yake huaminika. Asiyeuonyesha anamwachia msomaji auwaze mwenyewe, na msomaji huwaza mbaya zaidi.

Mafuta yakipanda nifanye nini na hesabu zangu?

EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mwanza huwa juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha. Lita ikipanda kwa 300, lita 19 zinakula 5,700 ya dereva na konda. Wanabaki na 18,200. Nauli haipandi siku hiyohiyo. Kinachofuata unakijua: "Bosi, hesabu haitoki, tupunguzie."

Ukipunguza 5,000 kwa siku, unapoteza 120,000 kwa mwezi. Kinachobaki kinashuka hadi 650,000. Rejesho la 500,000 bado linalipika kwa uwiano wa 1.3. Lile la 600,000 lingebaki na 50,000 tu juu yake. Weka mistari hii miwili kwenye barua.

## Barua kwenye karatasi

Niandike kiasi gani, na mchango wangu nionyesheje?

Omba gharama ya gari kuwa barabarani, si bei ya gari peke yake. Kwenye mfano: gari 20,000,000, bima kubwa ya mwaka wa kwanza 1,200,000, kuhamisha umiliki, leseni, ukaguzi, alama za ruti na marekebisho madogo 800,000, akiba ya marejesho 1,000,000. Jumla 23,000,000. Mchango wako ni 11,000,000, mkopo 12,000,000. Mchango uonekane kwenye akaunti kabla ya kuomba. Fedha iliyoingia jana kutoka kwa shemeji huonekana ni ya shemeji.

Naweza kuona mfano wa barua?

Urefu wake ni ukurasa mmoja, viambatisho mbali. Juu kuna anwani yako, tarehe, na anwani ya Meneja wa tawi. Kisha:

> Ndugu Meneja,
>
> YAH: MAOMBI YA MKOPO WA SHILINGI 12,000,000 KUNUNUA GARI LA ABIRIA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Namiliki gari moja la abiria aina ya Haisi, lenye leseni ya LATRA, kwa miaka minne sasa. Naomba mkopo wa shilingi 12,000,000 kwa miezi 30 ili ninunue gari la pili kwa ruti ya Buhongwa na mjini kati. Gharama yote ni shilingi 23,000,000. Mchango wangu ni shilingi 11,000,000, uliopo kwenye akaunti yangu katika tawi lako.
>
> Hesabu ya gari ninalomiliki kwa miezi sita iliyopita ni wastani wa shilingi 55,000 kwa siku, kwa wastani wa siku 24 za kazi kwa mwezi (Kiambatisho A). Mafuta, ushuru wa stendi na malipo ya dereva na konda hutolewa kabla ya hesabu. Kwa kipimo hicho gari jipya litaleta shilingi 1,320,000 kwa mwezi. Gharama zangu ni shilingi 550,000 (Kiambatisho B). Zinabaki 770,000. Rejesho, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ya salio linalopungua, ni takriban shilingi 500,000.
>
> Gari likifanya kazi siku 18 tu, pengo la shilingi 60,000 litalipwa na akiba ya shilingi 1,000,000 nitakayoiacha kwenye akaunti. Hesabu ikishuka hadi 50,000 kwa sababu ya mafuta, zitabaki 650,000, na rejesho litalipika.
>
> Kila siku ya kazi shilingi 25,000 za kwanza zitaingia akaunti ya marejesho. Siku 20 zinatosha rejesho la mwezi. Dhamana ni gari litakalonunuliwa, likiwa na bima kubwa inayoitaja taasisi yako kama mnufaika wa kwanza.
>
> Naomba rejesho la kwanza lianze siku 60 baada ya kupokea fedha.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,

Sahihi, jina kamili, namba ya simu. Viambatisho: daftari na taarifa ya miamala, jedwali la gharama, makadirio ya bei ya gari, nakala za kadi ya gari la kwanza, leseni, TIN, kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa.

Kwa nini siku 60 kabla ya rejesho la kwanza?

Kubadili jina la mmiliki, ukaguzi, bima na leseni ya ruti haviishi kwa siku mbili, na gari lisilo na leseni halileti hesabu. Rejesho likianza siku ya 30, unaanza mkopo kwa kula akiba. Jua tu kwamba riba haisimami: mwezi mmoja wa kusubiri ni kama 180,000, nayo itaongezwa kwenye deni. Uliza itaongezwa vipi, kisha rekebisha jedwali.

Shilingi 25,000 kwa siku zinatoka wapi?

Ni rejesho la 500,000 kugawa kwa siku 20, ambazo ndizo siku za chini za kulipa kila kitu. Gari likifika siku 24, zinaingia 600,000, na ile 100,000 ya ziada inalisha akiba. Ni bora kuliko kusubiri tarehe 28 uanze kutafuta, kwa maana fedha ya daladala inayolala nyumbani haikosi mwenye shida.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kuongeza hesabu ya gari la kwanza kwenye uwezo wa kulipa?

Itaje, lakini toa kwanza inakokwenda. Kama gari la kwanza linalisha nyumba na kulipa ada, hesabu yake ina kazi tayari, na ukiihesabu tena kwenye rejesho umeitumia mara mbili. Kwenye mfano tumeliacha gari jipya lijilipie lenyewe, na la kwanza limetumika kama ushahidi wa kumbukumbu tu.

Gari nimempa dereva kwa mkataba, litakuwa lake akimaliza. Nalo nilihesabu?

Mapato yake yahesabu hadi tarehe mkataba unapoisha tu. Ukiwa umebaki na miezi 10 na mkopo ni wa miezi 30, miezi 20 haina kitu. Kama dhamana usilitoe kabisa, kwa kuwa umeshamwahidi mtu mwingine.

Wanataka nyumba iwe dhamana badala ya gari.

Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Sheria ya ndoa na ya ardhi zote zinalinda hilo. Mke au mume aione barua na jedwali kabla ya kuitwa kusaini. Kama uwiano wako ni 1.5 na mchango wako ni karibu nusu, una haki ya kujadili: gari, mchango na akiba iliyofungwa kwenye akaunti ni hoja nzito.

Mkopeshaji anataka marejesho ya kila wiki.

Rejesho la 500,000 mara miezi 12, kugawa kwa wiki 52, ni kama 115,400 kwa wiki. Kwa hesabu ya 55,000 hizo ni siku mbili na ushee. Linalipika, ila wiki moja ya gereji haina siku nyingine za kuisaidia kama ilivyo kwa mwezi. Ukikubali, akiba iwe ya marejesho nane ya wiki, ambayo ni karibu sawa na ile ya miezi miwili, na uombe iandikwe kwamba inaweza kukatwa wiki gari lisipotoka.

Gari likipata ajali kubwa katikati ya mkopo?

Bima kubwa hulipa thamani ya gari wakati wa ajali, si bei uliyonunulia, na mkopeshaji akiwa mnufaika wa kwanza fedha inaanzia kwake. Kwa kuwa mkopo ni 12,000,000 kwa gari la 20,000,000, deni hubaki chini ya thamani muda wote na kuna kinachokurudia. Aliyekopa 18,000,000 kwa gari hilohilo anaweza kubaki hana gari na bado anadaiwa. Malipo ya bima huchukua muda, na marejesho hayasubiri: toa taarifa kwa maandishi ndani ya wiki hiyohiyo, ukiambatanisha taarifa ya polisi, na uombe ratiba mpya kabla hujakosa rejesho la kwanza.